Mwajiri asiyejulikana: mstari mmoja unaokipa cheo chako uzito

Andika kwenye wasifu wako kwamba ulikuwa mhasibu wa CRDB au wa Tanesco, na msomaji hahitaji maelezo. Jina la mwajiri limekwisha kumwambia kazi inafanyika wapi, kwa utaratibu gani, na wahasibu wengine wako wangapi pembeni. Andika kwamba ulikuwa mhasibu wa kampuni ambayo hajapata kuisikia, na cheo hicho hicho kinabaki kining'inia. Huenda ni kiwanda. Huenda ni duka la vipuri lenye daftari moja. Anayepitia maombi mia mbili hana muda wa kukisia kwa wema. Akikosa kujua, hukisia chini.

Katika kitengo chetu cha ushauri wa ajira tunapitia wasifu nyingi, na kasoro hii ndiyo tunayokutana nayo zaidi kwa watu waliofanya kazi sekta binafsi nje ya Dar es Salaam. Kazi waliyoifanya ni nzito, majukumu wameyaandika vizuri, lakini jina la mwajiri limekaa peke yake. Dawa yake ni mstari mmoja, mmoja na nusu ukizidi, chini ya jina hilo, unaosema kampuni inafanya nini na ina ukubwa gani.

Tuchukue mhasibu aliyefanya kazi Singida kuanzia 2020 hadi 2024. Kwenye wasifu wake ameandika: "Mhasibu, (jina la kampuni), Singida." Chini yake yamefuata majukumu: kuandaa mishahara, kutunza vitabu vya hesabu, kuwasilisha ritani za kodi. Kila mhasibu nchini huandika hivyo. Sasa tuongeze mstari:

"Kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, wafanyakazi 18 wa kudumu na vibarua hadi 40 wakati wa msimu, hununua mbegu kwa wakulima wa Iramba na Mkalama, huuza mafuta kwa wauzaji wa jumla Dodoma na Dar es Salaam, na mashudu kwa wafugaji."

Na cheo chenyewe tukirekebishe kidogo: "Mhasibu pekee, nikiripoti kwa mkurugenzi."

Tazama mstari huo unavyosomwa na mtu wa fedha. Wafanyakazi 18 maana yake kampuni inalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, kwa kuwa tangu 2021 tozo hiyo inawahusu waajiri wenye watu kumi na kuendelea. Kwa hiyo huyu mhasibu alikuwa akishughulika nayo kila mwezi pamoja na kodi ya mishahara na michango ya NSSF. Vibarua 40 wa msimu maana yake malipo ya mikononi, orodha zinazobadilika kila wiki, na mtu mmoja anayehakikisha fedha taslimu haipotei njiani. Kununua kwa wakulima maana yake manunuzi mengi madogo madogo yenye stakabadhi za kuandika kwa mkono. Mashudu maana yake kuna bidhaa ya pili ya kugawia gharama. Mwombaji hakuyasema yote haya. Msomaji ameyapata mwenyewe kutokana na tarakimu mbili na majina ya vitu, na neno "pekee" limemwambia nani aliyeyabeba.

Ndiyo maana nawakataza watu kuona haya ya udogo wa mwajiri. Kwenye taasisi kubwa mhasibu anaweza kukaa miaka mitatu akilipa wazabuni tu, asiguse mishahara wala benki. Kwenye kiwanda cha watu 18 hana pa kukwepea. Udogo wa kampuni ndio unaoeleza upana wa kazi, lakini unaeleza pale tu unapotajwa. Ukifichwa, orodha ndefu ya majukumu inaonekana kama majivuno, kwa sababu msomaji haelewi mtu mmoja aliyafanyaje yote hayo.

Kwa vyeo vikubwa mambo ni makali zaidi. "Meneja wa Ghala" anaweza kuwa anasimamia banda la saruji na kijana mmoja wa kupakia, au maghala matatu yenye makarani na madereva ishirini. "Meneja Mkuu" wa kampuni ya watu sita ni cheo halali kabisa, ila kikiandikwa bila idadi kinazua shaka, na shaka hiyo hailetwi kwako kama swali. Wasifu unawekwa upande mwingine wa meza tu. Ukiandika kwamba kampuni ina watu sita, wanne kati yao chini yako, umekipunguza cheo kidogo na kukifanya kiaminike. Mimi naona hiyo ni biashara nzuri.

Sasa, ukubwa unapimwaje? Neno "ndogo" halitoshi. Sera ya Tanzania ya viwanda na biashara ndogo ya 2003 inaita ndogo biashara yenye wafanyakazi 5 hadi 49. Sheria ya Kenya ya 2012 inaanza kuita ndogo pale wafanyakazi wanapofika 10, na inaishia 50. Mtu aliyefanya kazi Arusha akaomba Nairobi anatumia neno moja kwa vipimo viwili. Toa idadi, acha lebo.

Wala idadi ya watu si kipimo bora kila mahali. Kila sekta ina kipimo chake ambacho wenyewe wanakisoma bila kukitafsiri. Hoteli hupimwa kwa vyumba, shule kwa wanafunzi na madarasa, kampuni ya usafirishaji kwa malori, chama cha akiba na mikopo kwa wanachama. Kwa waliofanya kazi za ujenzi kipimo kimekwisha kuandaliwa: Bodi ya Usajili wa Makandarasi inawapanga makandarasi kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya mkataba linaoruhusiwa kuuchukua, isipokuwa la kwanza lisilo na kikomo. Fundi sanifu akiandika "mkandarasi wa majengo, daraja la sita", mhandisi anayesoma anajua mara moja aina ya kazi zilizokuwa zikijengwa. Kenya wana mpango unaofanana, wa NCA1 hadi NCA8.

Kipimo kimoja nakishauri kiachwe, nacho ni mauzo ya mwaka. Hizo ni siri za mwajiri, na mwajiri mpya akiona umezianika za yule wa zamani, atawaza za kwake. Wahasibu na watu wa mauzo ndio wanaoteleza hapa, maana ndio wanaozijua. Tumia kinachoonekana na mtu wa nje: idadi ya watu, matawi, tani kwa msimu, wateja, maeneo mnayohudumia.

Idadi iwe ya wakati ule ulipokuwepo. Kampuni ikiwa na watu 60 leo, lakini wewe ulitoka ikiwa na 12, andika 12. Ikiwa ilikua mbele ya macho yako, andika ilivyokua: "kutoka watu 7 hadi 19." Tenganisha wa kudumu na vibarua, kwa sababu kuwajumlisha wote kuwa "wafanyakazi 58" kungemfanya yule mhasibu wa Singida aonekane ametoka kwenye kampuni ya kati. Huo ni uongo wa kujumlisha, na unakamatika kirahisi: anayeajiri akimpigia simu mdhamini wako na kuuliza "hapo kwenu mko wangapi?", bosi wako wa zamani atajibu "kumi na wanane" bila kujua amekuharibia. Usiyoijua kwa hakika, andika "takriban". Kama unaelewana na ofisi ya zamani, uliza. Karani wa mishahara anayo orodha.

Kuhusu shughuli yenyewe, sema kitu kinachotengenezwa au kuuzwa na nani anakinunua. Watu wengi hunakili sentensi kutoka kwenye tovuti ya kampuni, "kampuni inayoongoza katika kutoa huduma bora na za kisasa", na msomaji akimaliza kuisoma bado hajui kama mnauza pampu za maji au bima. Jaribio tunalowapa ni la mdomo. Mshauri anakaa upande wa jopo na kuuliza: "Haya dada, hiyo kampuni yenu inafanya nini hasa?" Mwombaji akianza na "tunadili na mambo ya kilimo kwa ujumla," tunamrudisha. Akisema, "Tunauza pembejeo kwa mawakala wa vijijini, Njombe na Makete, tuko tisa," hiyo ndiyo sentensi ya kuandika. Fomu nyingi za maombi ya mtandaoni hazina nafasi ya maelezo ya mwajiri. Hapo iweke kuwa sentensi ya kwanza kwenye sehemu ya majukumu.

Mstari huu hauhitajiki kwa kila mwajiri. Kuieleza Vodacom ni kumchosha mtu. Na usiuache ukue: ukifika mistari minne, unasifia kampuni na wewe umesahaulika.

Majina nayo yana matatizo yake. Kampuni nyingi ndogo zimesajiliwa BRELA kwa jina moja na kibao cha mlangoni kina jina jingine. Anayehakiki akitafuta jina la kibao asilipate, anaweza kudhani mwajiri ni wa kubuni. Andika yote mawili: jina la usajili, kisha "maarufu kama" na lile la mtaani. Hati ya utumishi, ambayo sheria za kazi za Tanzania na Kenya zinamtaka mwajiri aitoe unapoondoka, itakusaidia kuthibitisha jina, tarehe na kazi, lakini usiitegemee ikusemee ukubwa wa kampuni. Kama kampuni imefungwa, sema hivyo na mwaka wake, "ilifungwa 2022", ili anayepiga simu isiyopokelewa ajue sababu. Na tafuta mdhamini aliyekuwepo enzi hizo, hata kama sasa yuko kwingine.

Wanaoajiriwa na wakala na kupangiwa kazi kwenye benki au kampuni ya simu wana kishawishi cha pekee, cha kuandika jina kubwa na kulisahau la wakala. Benki ikiulizwa, ofisi yake ya utumishi haitaliona jina lako kwenye orodha ya watumishi, na maombi yatakufia hapo. Andika: "(jina la wakala), wakala wa ajira, kituo cha kazi: (jina la benki), tawi la Mwanza, timu ya huduma kwa wateja ya watu 11." Jina kubwa bado limeonekana, mwajiri halali ametajwa, na ukubwa unaomhusu msomaji ni ule wa timu uliyokaa nayo, si wa benki nzima.