Je, wajua? Mizani kamili si kipimo cha wimbo

"Yaya, shairi yangu iko na mizani nane nane kila kipande, sikupoteza hata moja. Juu ya nini nikiimba na gita inakataa?"

Kwa sababu mizani ni hesabu ya silabi, na ngoma haijali hesabu hiyo. Inachosikiliza ngoma ni silabi ipi imebeba uzito, na uzito huo umeangukia wapi.

Mkanganyiko huu umeenea sana, na una sababu yake. Tumefundishwa kwamba shairi la kimapokeo huimbika, na kwamba linaimbika kwa sababu ya urari wa mizani. Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Mtu anayeghani utenzi huivuta silabi anayotaka, hukata pumzi anapotaka, na sauti yake hutua mwisho wa mshororo bila kusukumwa na yeyote. Hapo mizani inatosha, kwani msemaji mwenyewe ndiye saa. Akiingia mpiga ngoma, saa inahama mikononi mwake. Sasa kuna pigo linalokuja kwa wakati wake, uwe tayari au usiwe tayari, na silabi yoyote itakayokutana nalo itasikika nzito, hata kama katika usemi wa kawaida ni nyepesi.

Fikiria chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, inayoteremka kutoka Kibumba kuja Goma. Vijana wawili wamepakia magunia manane kila mmoja. Idadi ni ileile. Lakini wa kwanza ameweka ya viazi katikati, juu ya ubao, na ya kabeji kandokando. Wa pili amepakia yalivyomjia mkononi, mazito yote upande mmoja. Kwenye sakafu tambarare huwezi kuwatofautisha. Kwenye mteremko wa mawe, chukudu ya pili inavutwa pembeni kila gurudumu linapogonga jiwe, na mwenyewe anapigana na usukani njia nzima. Kughani ni ile sakafu tambarare, na ngoma ni ule mteremko. Magunia mazito ni silabi zenye mkazo.

Katika Kiswahili tunajua zilipo, kwa sababu mkazo hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno: so-KO-ni, chu-KU-du, MBA-o. Tuchukue ubeti mmoja wa mtu anayesukuma chukudu, wenye mizani 8 kwa 8, tuutazame kwa karibu:

Chukudu yangu ya mbao, naisukuma njiani,
Nabeba mzigo wao, Kibumba hadi sokoni,
Nyumbani wanangu nao, wananingoja jioni,
Mawe meusi ya Goma, yanajua jina langu.

Hesabu utakavyo, kila kipande kina silabi 8. Sasa weka alama penye mkazo. "Chukudu yangu ya mbao" ina mkazo kwenye silabi ya 2, ya 4 na ya 7. "Naisukuma njiani" ina mkazo kwenye ya 4 na ya 7. "Nabeba mzigo wao" ni ya 2, ya 5 na ya 7. "Mawe meusi ya Goma" ni ya 1, ya 4 na ya 7. Na "yanajua jina langu" ni ya 3, ya 5 na ya 7.

Unaona kinachotokea? Silabi ya 7 ina mkazo kila mahali. Haiwezi kuwa vinginevyo: kipande kinaishia na neno zima, na silabi ya pili kutoka mwisho wa kipande cha 8 ni ya 7. Mizani imetupatia hakika hiyo moja tu. Kabla ya hapo uzito unatangatanga, kila kipande na njia yake. Ndiyo maana mwimbaji anayumba mwanzoni na katikati ya mshororo, kisha anajikuta yuko salama mwishoni, na haelewi amepotelea wapi.

Tujaribu na ngoma. Tuseme kila kipande kinachukua mapigo manne, silabi mbili kwa kila pigo, kwa hiyo mapigo yanagonga silabi ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. "Yanajua jina langu" inapita kama maji. "Chukudu yangu ya mbao" inatoka CHU-ku-DU ya-NGU ya MBA-o, na msikilizaji lazima atafsiri kichwani kabla ya kuelewa. Ukijaribu kuiokoa kwa kuitanguliza "chu" kabla ya pigo la kwanza, basi KU na YA zinakaa vizuri, lakini mwisho unaharibika: pigo linaangukia "o" ya mbao. Tatizo ni pengo lililopo baada ya "yangu". Kutoka KU hadi YA ni hatua mbili. Kutoka YA hadi MBA ni hatua tatu. Hatua hiyo ya ziada ni kile kijineno "ya".

Basi kiondoe. "Chukudu yangu nzito": chu, kisha KU-du YA-ngu NZI-to. Silabi 7, mkazo kwenye ya 2, ya 4 na ya 6, hatua mbilimbili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mshairi ataona mizani imepungua, na kwa sheria za shairi ana haki ya kulalamika. Lakini kipande hiki chenye upungufu kinaimbika, na kile kamili kiligoma. Hilo ndilo jambo linalonivutia kuliko yote katika kazi hii.

Neno "nzito" limefanya kazi nyingine pia. Mshororo wa pili ulikuwa unatuambia kuna mzigo; sasa tunajua tayari, kwa hiyo "nabeba mzigo wao" inaweza kwenda. Ilikuwa na tatizo lake hata hivyo. Ukiiimba kwa mwendo huu, pigo linaangukia "m" ya mzigo, na mwimbaji analazimika kufunga midomo pale ambapo sauti ilitakiwa kufunguka. Kwa usemi wa Goma, "muzigo", kuna "u" ya kushikilia, na idadi ya silabi haibadiliki. Lakini "mu" bado ni silabi nyepesi iliyopewa pigo zito. Afadhali kukata.

Baada ya kupunguza, mishororo mitatu ya kwanza inabaki miwili:

Chukudu yangu nzito, nasukuma bado,
Kibumba hadi Goma, wana wanangoja.

Kipande cha kwanza cha kila mshororo kina silabi 7, na ya kwanza yake inatangulia pigo. Cha pili kina 6 na kinaanza juu ya pigo: NA-su-KU-ma BA-do. Sita hizo si uvivu. Kama kipande cha pili kingekuwa na 8, kingejaza mapigo yote manne, na hakungekuwa na nafasi ya "Ki" ya Kibumba kutangulia wala ya mwimbaji kuvuta pumzi. Nafasi ya silabi mbili inabaki tupu mwishoni. Moja ni ya pumzi na ya pili inaipokea "Ki". Vina vimebadilika, "nzito" na "bado", "Goma" na "ngoja". Ni vyepesi kuliko vya shairi, lakini katika wimbo sikio linaridhika na irabu zinazofanana, kwa kuwa irabu ndiyo inayoshikiliwa.

Maneno marefu, kwa kawaida, hayasumbui. "Wananingoja" ina mkazo mmoja tu, kwenye NGO, na silabi tatu za mwanzo zinakubali kulala popote utakapozilaza. Wabishi ni maneno ya silabi mbili, kama yangu, hadi, jina na Goma, kwa sababu kila moja linakuja na mkazo wake, na ukiukosea unasikika papo hapo.

Kiitikio je? Wengi hukaa chini kutunga maneno mapya ya korasi, ilhali shairi la tarbia mara nyingi linayo tayari: kituo kinachorudiwa kila ubeti, yaani kibwagizo. Chetu kina jambo la ajabu kidogo. Rumba ya Kongo ilirithi kutoka santuri za Kuba, zilizoanza kufika kwetu miaka ya 1930, mgongo wa mdundo uitwao klave. Ugawe mdundo huo vipande vidogo 16, na utausikia, hata mtu akigonga chupa tu, kwenye cha 1, cha 4, cha 7, cha 11 na cha 13. Sasa soma kibwagizo chetu, silabi 16 zikifuatana:

MA-we me-U-si ya GO-ma, ya-na-JU-a JI-na LA-ngu.

Mkazo uko kwenye ya 1, ya 4, ya 7, ya 11, ya 13 na ya 15. Klave yote imo ndani, pamoja na pigo moja la nyongeza mwishoni. Mshororo huu usiguswe hata herufi. Nusu ya kwanza inakwenda hatua tatutatu, nusu ya pili mbilimbili, na kugeuka huko ndiko kunakoifanya rumba isikike kama rumba. Bahati ya namna hii haiji kwa kila shairi, ila inafaa kuitafuta kabla ya kutunga korasi mpya. Mawe yenyewe, kwa msomaji wa mbali, ni lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji Januari 2002; watu walijenga upya juu yake.

Kuhusu urefu, hesabu ni rahisi. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, ubeti wa awali wa mishororo minne unachukua sekunde 19 hivi. Beti 10 zingekula zaidi ya dakika 3 za maneno matupu, gita lisipate hata pa kujibu. Ubeti uliopunguzwa unachukua sekunde 10 hivi, na kibwagizo kikiimbwa mara mbili kinachukua 10 nyingine. Muda ni uleule, lakini nusu yake sasa ni sehemu ambayo watu wanaweza kuidaka. Katika beti zilizobaki, chukua zile tu zinazosogeza habari mbele: ajali njiani, bei sokoni, kurudi nyumbani. Ubeti unaorudia kilichokwisha kusemwa, hata kama ni kwa maneno mazuri zaidi, ubaki kwenye shairi, usiingie katika wimbo.

Yapo mambo mawili ambayo alama za mkazo pekee hazitakuonyesha. Maneno machache, kama "lazima", wengi hutia mkazo kwenye silabi ya kwanza, kwa hiyo sema kwanza kwa mdomo kabla ya kuandika alama. Na mwimbaji mzuri anaweza kuchelewesha silabi nusu pigo makusudi, na mkazo uliokosewa ukageuka kuwa madoido. Kuna tenzi za kanisani zilizotafsiriwa juu ya sauti za Ulaya ambazo mkazo wake umepinda, na watu wanaziimba bila kukwama kwa sababu wamezijua tangu utotoni. Wimbo mpya hauna msaada huo. Ujirekodi kwenye simu, mpe asiyelijua shairi asikilize mara moja, kisha mwombe ayarudie maneno. Pale atakaponyamaza au kusema neno lingine, weka alama, na urudi kuhesabu hatua kati ya mkazo na mkazo.