Skeli ya 1:100 kwenye PDF: maana yake na mahali inapopotea

Juzi fundi mmoja anayejenga Mamboleo, hapa Kisumu, alinipigia simu. Dirisha la jikoni halikuwa na kipimo kwenye mchoro (kosa langu), kwa hiyo alichukua rula akapima mwenyewe kutoka kwenye kona. Rula ilisoma milimita 11. Kwa skeli ya 1:100 hiyo ni mita 1.1, nami nilikuwa nimechora mita 1.2.

"Boss," akasema, "hapa pameandikwa jikoni ni 3600, lakini nikipima napata milimita 33. Nifuate maandishi au nifuate rula?"

Nilimwambia afuate maandishi. Halafu nilifungua ile PDF nitafute sentimita kumi za dirisha zilikwenda wapi.

Skeli ni uwiano kati ya karatasi na nyumba. Mchoro ukisema 1:100, milimita moja ya karatasi inasimamia milimita 100 za jengo. Ukuta wa mawe wa milimita 200 unatakiwa uwe na unene wa milimita 2 kamili, na ploti ya hamsini kwa mia (futi, yaani mita 15.24 kwa 30.48) iwe milimita 152 kwa 305 hivi. Ploti hiyo inaingia vizuri kwenye karatasi ya A1, na nafasi inabaki ya mkato na jedwali la milango.

Ndani ya AutoCAD, hata hivyo, nyumba haichorwi kwa skeli yoyote. Kwenye kichupo cha Model unachora kwa ukubwa wake halisi: jikoni la mita 3.6 ni vizio 3600. Skeli huzaliwa kwenye kichupo cha Layout, ambacho ndicho karatasi yenyewe. Pale unatoboa dirisha la kutazamia, yaani `viewport`, unaiona nyumba kupitia humo, na unaamua iwe ndogo mara ngapi. Bofya mara mbili ndani ya dirisha hilo, kisha andika:

```
ZOOM
1/100XP
```

Baada ya hapo chagua fremu ya dirisha na uweke `Display locked` kuwa `Yes`. Usipofunga, gurudumu la kipanya likizunguka kidogo ukiwa ndani, 1:100 inageuka 1:97.3 bila mtu kujua. Na kama ulichora kwa mita badala ya milimita, andika `10XP`, kwa sababu mita moja hapo ni kizio kimoja, na inatakiwa iwe milimita 10 kwenye karatasi.

Dirisha likishawekwa 1:100, karatasi nzima inatolewa 1:1. Hapa wengi huteleza. Mtu anakumbuka mchoro wake ni wa 1:100, anaiandika tena kwenye ukurasa wa `Plot`, na anapata nyumba ya ukubwa wa nukta. Mwingine anachagua `Window` au `Extents`, anaweka tiki kwenye `Fit to paper`, na mchoro unajaa ukurasa kwa skeli isiyo na jina. Ukichagua `Layout` pale kwenye `What to plot`, hicho kisanduku cha `Fit to paper` kinazimwa chenyewe, nami naona hiyo ndiyo kinga bora kuliko kukumbuka.

Mimi hayo yote nilikuwa nimeyafanya sawasawa. Kosa langu lilikuwa kwenye saizi ya karatasi.

Kwenye printa ya `DWG To PDF.pc3` kuna orodha ndefu ya karatasi, na kiolezo nilichotumia kilikuwa kimeletwa na mtu kikiwa kimechaguliwa ARCH D, karatasi ya Kimarekani ya inchi 24 kwa 36. Kwa milimita ni 610 kwa 914. Kwenye kompyuta haina tofauti inayoonekana na A1, ambayo ni 594 kwa 841. PDF ikatoka ikiwa sahihi kabisa, 1:100, ila kwa karatasi ambayo duka la kuchapisha hapa mjini halikuwa nayo. Kijana wa duka aliweka A1, programu ikaubana ukurasa uingie, na 841 ukigawa kwa 914 unapata asilimia 92. Jikoni la milimita 36 likawa 33, na milimita 12 za dirisha zikawa 11. Ndiyo rula ya fundi.

Sasa huwa nachagua `ISO full bleed A1 (841.00 x 594.00 MM)`, na kabla sijatuma faili naifungua kwenye kisomaji, naingia kwenye `Properties` na kuangalia `Page Size`. Ikisoma 33.11 kwa 23.39 kwa inchi, hiyo ni A1. Dukani nasema "actual size", wasiguse `Fit`. Na pembeni mwa karatasi, ndani ya Layout, nimechora mstari wa milimita 100 kamili na kuandika urefu wake. Ukitoka kwenye printa ukiwa 92, karatasi hiyo haiendi saiti.

Ukitaka nakala ya A3 ya kubeba kwenye pikipiki, hakuna ubaya, kwa sababu A3 ni nusu kamili ya A1 kwa kila upande, na 1:100 inakuwa 1:200. Andika hivyo kwenye kisanduku cha jina: "1:100 kwa A1, 1:200 kwa A3". A2 ndiyo sumu, maana skeli inakuwa 1:141 na hakuna rula ya kuisoma.

Unene wa mistari una tabia yake. Haufuati skeli ya dirisha: mstari wa 0.50 unatoka milimita 0.50 kwenye karatasi, uwe umechora choo au kiwanda. Mimi hutumia 0.50 kwa ukuta uliokatwa, 0.25 kwa milango na samani, 0.13 kwa vigae na mistari ya kivuli. Jedwali la `monochrome.ctb` linageuza rangi zote za namba kuwa nyeusi, lakini unene linauchukua kutoka kwenye leya. Kwa hiyo kama leya zako zote zimeachwa `Default`, kila kitu kinatoka 0.25 na ukuta haujitengi na kabati. Ukisahau jedwali hilo, leya ya manjano inatoka manjano, na kwenye printa nyeusi inakuwa kijivu hafifu ambacho fundi hakioni juani. Rangi zilizochaguliwa kwa `RGB` badala ya namba hazigeuzwi na jedwali hilo hata likiwepo. Ukiona mstari mmoja wa buluu umebaki katikati ya mchoro mweusi, ndiyo hiyo.

Usiuhukumu unene kwa kutazama skrini. Kisomaji cha Acrobat kina mpangilio wa `Enhance thin lines` unaonenepesha mistari myembamba, kwa hiyo 0.13 na 0.25 zinaweza kufanana ukizitazama pale. Chapisha kipande. Na kumbuka ile A3 inayopunguzwa nusu: 0.13 inabaki 0.065, na printa iliyochoka inaiacha kabisa. Kwa nakala za A3 huwa naandaa Layout ya pili ya saizi hiyo hiyo, yenye dirisha la 1:200, ili mistari ibaki na unene wake na maandishi yasomeke.

Fundi wa Mamboleo nilimpelekea karatasi mpya jioni ile. Alipima ule mstari wa milimita 100 kwanza, kabla hata ya kutafuta dirisha.