Mkato mmoja, majibu matano: kutenganisha swali la kuchagua zaidi ya moja

Swali la dodoso linalomruhusu mtu kuchagua majibu zaidi ya moja hurudi likiwa limebanwa lote ndani ya seli moja. Google Forms huyaunganisha machaguo kwa mkato na nafasi. Ili uweze kuhesabu, kila chaguo linahitaji safu wima yake, yenye 1 kwa aliyelichagua na 0 kwa ambaye hakulichagua.

Tuchukue swali "Unapata habari kupitia njia zipi?" na watu watano:

```
1  Redio, Gazeti
2  Redio ya mtandaoni
3  Televisheni, Mitandao ya kijamii (Facebook, WhatsApp na mingine)
4
5  Redio, Redio ya mtandaoni
```

Wengi hukimbilia kukata seli kila penye mkato. Mtu wa tatu anaharibika hapo hapo, kwa sababu chaguo lake la mwisho lina mkato ndani yake: unabaki na kipande "Mitandao ya kijamii (Facebook" na kingine "WhatsApp na mingine)". Ndiyo maana mimi sikati kabisa. Machaguo nayajua, niliyaandika mwenyewe kwenye dodoso, kwa hiyo nayaweka kama vichwa kuanzia C1 hadi G1 na kuuliza kila seli kama chaguo hilo limo.

Kuuliza nako kuna mtego. Ukitafuta "Redio" tu, utapata watu watatu, wa kwanza, wa pili na wa tano, ingawa wa pili hakuchagua Redio. Neno hilo limemezwa ndani ya "Redio ya mtandaoni". Dawa yake ni kuzungushia uzio pande zote mbili: unaongeza mkato na nafasi mbele na nyuma ya jibu zima, kisha unatafuta chaguo likiwa na uzio huo huo. Majibu yakiwa safu B, fomula ya C2 ni hii, nawe unaiburuta kulia na chini:

```
=IF($B2="","",IF(ISNUMBER(FIND(", "&C$1&", ",", "&$B2&", ")),1,0))
```

Sasa Redio ina wawili, na lile chaguo lenye mkato ndani linapatikana likiwa zima. Natumia FIND badala ya SEARCH kwa sababu FIND hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na alama ya kuuliza ndani ya chaguo haiichanganyi. Kama kompyuta yako hutenganisha sehemu za fomula kwa nuktamkato, badilisha mikato ya fomula, lakini ile iliyo ndani ya alama za nukuu iache ilivyo.

Sehemu ya mwanzo ya fomula inamhusu mtu wa nne. Hakujibu, kwa hiyo safu zake zinabaki tupu. Ukimpa 0 kila mahali, umemfanya aseme kwamba hatumii njia yoyote, jambo ambalo hakulisema. Hesabu nayo inabadilika: wawili kati ya wanne waliojibu ni asilimia 50, wawili kati ya watano ni 40. Wanaotumia pandas wawe macho hapa, maana `str.get_dummies` huijaza 0 mistari mitupu bila kuonya. Na usishtuke asilimia za safu zote zikizidi 100. Hapa zinafika 175, kwa kuwa watu wanne wamefanya machaguo saba.

Ukaguzi ninaoutegemea kuliko mwingine wote ni wa urefu. Urefu wa machaguo yaliyopata 1, pamoja na mikato na nafasi za kuyaunganisha, lazima ulingane na urefu wa seli ya jibu. Katika H2:

```
=IF($B2="","",LEN($B2)+2-SUMPRODUCT(C2:G2*(LEN(C$1:G$1)+2)))
```

Kwa mtu wa kwanza, "Redio, Gazeti" ina herufi 13 ukihesabu mkato na nafasi. Jumlisha 2, toa 7 za Redio na 8 za Gazeti, unapata 0. Ikitoka namba nyingine, kuna maneno ndani ya seli ambayo hakuna safu iliyoyadai. Mara nyingi nakuta mambo mawili: mtu aliandika jibu lake mwenyewe kwenye "Nyingine", au maneno ya chaguo yalibadilishwa dodoso likiwa tayari linajazwa, hivyo majibu ya awali yana tahajia ya zamani. Pia angalia nafasi iliyojificha mwishoni mwa kichwa chako, maana hiyo huipa safu nzima 0.

Tahajia za zamani nazirekebisha kwenye nakala ya data, si kwenye data halisi. Za "Nyingine" nazisoma moja moja kwa macho, kwa sababu mtu akiandika "barua, mkutano" fomula haiwezi kujua kama hilo ni jibu moja au mawili, kisha nazipa safu yao ya sita.