Tarehe ya mwisho ya hedhi si tarehe ya hedhi ya mwisho

Juzi kijana mmoja wa mifumo, mtu mzuri tu ila ana haraka zake, aliinama juu ya meza yangu akaziangalia fomu nne za kliniki ya wajawazito nilizokuwa nimezitandaza, akaniambia, "Kaka, si unalinganisha maneno tu? Yanayofanana unayatia kolamu moja. Nusu siku umemaliza."

Huyu ni wa tano au wa sita. Nimechoka kujibu kwa mdomo, kwa hiyo naandika hapa, na wa saba nitamtumia kiungo.

Fomu ni ileile moja, ila kila ilipochapishwa upya palikuwa na mtu aliyeona vyema abadilishe maneno. Sasa kuna matoleo manne, nitayaita A, B, C na D, na yote yanatakiwa yaingie kwenye jedwali moja lenye kolamu zilezile: `lmp` ya hedhi, `edd` ya matarajio ya kujifungua, `gravida` ya idadi ya mimba, `para` ya idadi ya kuzaa, na nyingine za kawaida. Kolamu hazibadiliki. Kinachobadilika ni lebo kwenye karatasi.

Toleo A, lililoandikwa na mtu wa hospitali kwa ajili ya watu wa hospitali, linasema `LNMP`. Toleo B linasema "Tarehe ya hedhi ya mwisho". Toleo C linasema "Tarehe ya mwisho ya hedhi". Tufanye kama kijana alivyosema, tulinganishe maneno:

```python
from rapidfuzz import fuzz
b = "Tarehe ya hedhi ya mwisho"
c = "Tarehe ya mwisho ya hedhi"
fuzz.token_sort_ratio(b, c)       # 100.0
fuzz.token_sort_ratio(b, "LNMP")  # 0.0
```

Mia kwa mia, na sifuri. Kipimo hiki hupanga maneno kwa alfabeti kabla ya kulinganisha, na B na C zina maneno yaleyale matano, kwa hiyo kwake ni kitu kimoja. `LNMP` haina hata herufi moja inayolingana, kwa hiyo kwake ni kitu kigeni. Ukweli ni kinyume. `LNMP` na B zinauliza jambo moja: hedhi ile ya mwisho kabla ya mimba, ilianza lini. C inaweza kusomeka hivyo, na inaweza pia kusomeka kwamba hedhi iliisha tarehe ngapi. Kwenye Kiswahili, "ya mwisho" hung'ang'ania jina lililo mbele yake. Hedhi ya mwisho ni hedhi. Tarehe ya mwisho ni tarehe. Mtoto wa darasa la nne anaijua tofauti hiyo, ila programu imeambiwa isijali mpangilio.

Utasema basi tutumie kipimo kinachojali mpangilio. Tumia. Kitakupa namba ndogo zaidi kwa C na bado sifuri kwa `LNMP`, nawe utabaki unabishana na namba badala ya kuuliza fomu iliuliza nini.

Tofauti yenyewe ni siku ngapi? Kwa wengi hedhi huchukua siku 3 hadi 7. Mkunga akihesabu kwa mkono anachukua siku ya kwanza, anaongeza siku 7, anarudi nyuma miezi 3, kisha anasogeza mwaka. Mama aliyeanza tarehe 10 Machi 2023 anatarajiwa tarehe 17 Desemba 2023. Ukimwandikia 14 Machi, siku aliyomaliza, matarajio yanakuwa 21 Desemba. Siku nne zinaonekana si kitu mpaka umfikirie mtu aliyepitisha tarehe, pale watu wanapoamua kama wamwanzishie uchungu au wasubiri. Na kwenye jedwali ni balaa la kimyakimya, kwa sababu toleo zima linasogea upande mmoja. Mtu atakuja kuchora grafu aseme akina mama wa miaka ile walikuwa wanajifungua mapema.

Sasa, nitajuaje watu wa toleo C waliandika ipi? Bahati nzuri fomu ina tarehe mbili, ya hedhi na ya matarajio, na mara nyingi ya pili mkunga aliihesabu mwenyewe. Natoa ya kwanza kwenye ya pili. Kwa hesabu ile ya mkono, jibu ni siku 280 hadi 283 kutegemea urefu wa miezi iliyopitiwa. Kwa kile kisahani cha kuzungusha ni 280. Mama yule wa Machi, kama karatasi inasema 14 Machi na matarajio ni 17 Desemba, pengo ni 278. Haliwezi kutoka kwenye hesabu ya kawaida. Maana yake mkunga aliandika siku ya kumaliza kama lebo ilivyomtaka, kisha akahesabu kutoka siku ya kuanza kama alivyofundishwa.

Pengo moja la 278 halithibitishi chochote, kalamu huteleza. Ila nilipopanga mapengo ya toleo B yalirundikana 280 na kuendelea, na ya toleo C yakawa na vilima viwili, kimoja palepale na kingine chini yake kwa siku chache. Vilima viwili ni watu wawili wanaosoma lebo moja kwa namna mbili. Nikagawa kwa mwandiko (ndiyo, kwa mwandiko, majina ya wahudumu hayakujazwa) na vilima vikaachana.

Hapa kuna jambo ambalo sina dawa yake. Kama mkunga aliandika siku ya kumaliza na akahesabu kutoka siku hiyohiyo, pengo litakuwa 280 safi kabisa na sitaona kitu. Na kama matarajio yalitoka kwenye kipimo cha picha, pengo linaweza kuwa lolote bila kosa la mtu. Kwa hiyo kipimo changu kinakamata wakosaji nusunusu na kuwaacha wakosaji kamili. Sijapata njia bora.

Nilichofanya ni kwenda kumuuliza mama mmoja mkunga aliyefanya kazi na fomu hizo zote. Nikamwonyesha toleo C.

"Mama, hapa ulikuwa unauliza nini?"

"Mwanangu, mimi hiyo karatasi siisomi. Namuuliza, mara ya mwisho umeona siku zako lini? Akinitajia tarehe namuuliza tena, hiyo ndiyo uliyoanza au uliyomaliza?"

"Na wenzako?"

Akacheka. "Wenzangu walikuwa wanasoma."

Majibu hayo mawili yamenifaa kuliko vipimo vyote vya kufanana nilivyowahi kujaribu. Lebo inakuambia kilichochapishwa. Kilichoulizwa ni habari nyingine, na kilichoandikwa ni ya tatu.

Kwa toleo C sikupunguza siku nne, na naomba usipunguze. Tarehe imeingia `lmp` kama ilivyo, na pembeni nimeweka kolamu `lmp_aina` yenye maneno matatu tu: `kuanza`, `kuisha`, `haijulikani`. Atakayehesabu wiki za mimba achague mwenyewe safu za kutumia. Baadhi ya wakubwa hawaipendi `haijulikani`, wanasema inaharibu ripoti. Ripoti ilishaharibika kiwandani, mimi nimeandika tu.

Jambo la pili litakwenda haraka. Toleo B linauliza "Mimba zilizopita", toleo D linauliza "Idadi ya mimba". Kolamu `gravida` inahesabu mimba zote pamoja na hii aliyonayo, kwa hiyo jibu la B lazima liongezwe 1. Mama aliye kwenye mimba ya tatu ni 2 kwenye B. Na D? D haisemi kama ya sasa imo. Angalia namba ndogo kuliko zote: mjamzito hawezi kuwa na `gravida` ya 0, kwa hiyo ukikuta sifuri nyingi ujue watu waliiacha ya sasa nje. Usipokuta hata moja kwenye lundo kubwa, waliihesabu. Mimi nilikuta sifuri kwenye zahanati moja na nisizikute kwenye nyingine, fomu ileile, lebo ileile. Basi kanuni imefungwa kwa zahanati. "Watoto walio hai" nayo usiitie `para` hata siku moja, maana aliyezaa mapacha amezaa mara moja, na aliyefiwa alizaa pia.

Kwa hiyo jedwali langu la kulinganisha halianzi na lebo. Linaanza na toleo na sehemu ya fomu, kwa sababu "Jina" peke yake linatokea mara tatu kwenye ukurasa mmoja: la mama, la mwenza, na la mtu wa karibu.

```
toleo,sehemu,lebo,kolamu,kanuni
A,uzazi,LNMP,lmp,aina=kuanza
B,uzazi,Tarehe ya hedhi ya mwisho,lmp,aina=kuanza
C,uzazi,Tarehe ya mwisho ya hedhi,lmp,aina=haijulikani
B,uzazi,Mimba zilizopita,gravida,+1
D,uzazi,Idadi ya mimba,gravida,kwa_zahanati
```

Safu zenyewe zinajazwa na mtu, kwa mkono, akiwa na karatasi mbele yake. Kipimo cha kufanana nakitumia, sikatai, lakini kwa kazi ndogo: kuunganisha "Tarehe ya hedhi ya mwisho" na "Tarehe ya hedi ya mwisho", yaani makosa ya uchapaji ndani ya toleo moja. Hapo kinafaa sana. Lebo isiyomo kwenye jedwali haikisiwi, inasimamisha kazi na kunipigia kelele. Maandishi ya asili nayo hayatupwi, yana kolamu yake, ili siku nikigundua kwamba nilikosea B niweze kurudi.

Na toleo lenyewe unalijuaje? Kuna namba ndogo chini kushoto, isipokuwa mashine ya fotokopi imeikata, na mara nyingi imeikata. Hapo natumia idadi ya mistari kwenye sehemu ya uzazi. Miezi kadhaa nilidhani jalada moja ni toleo moja, mpaka nikakuta ukurasa wa kwanza wa B umebanwa na ukurasa wa pili wa C. Karatasi zilikuwa zimeisha, mtu akakopa. Tangu hapo toleo linaandikwa kwa kila ukurasa, na nusu ya kazi yangu ya mwaka ule nikairudia.

B nimeiwekea `kuanza` kwa sababu mapengo yalikaa vizuri, lakini nimeshawaeleza kipimo hicho kinakamata nini na kinaacha nini. Wiki hii limeletwa toleo la tano. Lebo yake ni "Hedhi ya mwisho (tarehe)". Nimeongeza safu, nikaacha kanuni wazi, na mama mkunga hapokei simu, yuko zamu ya usiku.