Anafua, hayeyushi

Wiki hii nimeletewa tena video ya mhunzi ndani ya kibanda chenye giza: nyundo inalia, cheche zinaruka, na chini imeandikwa "fundi akiyeyusha chuma". Hayeyushi. Anafua.

Kufua chuma ni kukipasha moto mpaka kilainike, kisha kukipiga mpaka kipate umbo. Kuyeyusha ni kukigeuza maji. Anayekimimina kwenye kalibu huyo anasubu, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Neno lenyewe linajieleza. Kufua asili yake ni kupigapiga. Nguo zilifuliwa kwa kupigwa juu ya jiwe, ndiyo maana mwenye mashine ya umeme bado anasema anafua, ingawa hapigi kitu. Nazi nayo hufuliwa, kwa kuchomekwa kwenye ncha ya kifuo na kubanduliwa makumbi, na asiyeweza kitu tunasema hafui dafu. Hata fuawe, lile pande ambalo mhunzi hulazia chuma chake, limetoka humo humo. Katika familia yote hiyo hakuna anayeyeyusha chochote.

Tazama fundi anayetengeneza panga kwa kipande cha springi ya gari. Anakitoa motoni kikiwa na rangi ya chungwa, kama nyuzijoto 950 hivi. Chuma safi huyeyuka kwenye 1,538, kwa hiyo safari bado ni ndefu. Anapiga mara kadhaa, anakigeuza kwa koleo huku nyundo ikidundadunda kidogo kwenye fuawe ili mkono usipoteze mwendo, anapiga tena. Rangi ikififia na kuwa nyekundu iliyokolea, anakirudisha motoni. Aking'ang'ania kukipiga, kitapata nyufa. Giza la kibandani ni kwa ajili hiyo: juani wekundu huo hauonekani vizuri, na fundi atakosea kukadiria joto.

Na zile cheche zinazotupumbaza? Chuma cha moto kikikutana na hewa huota magamba meusi, na nyundo ikishuka magamba hayo hupasuka na kuruka yakiwa bado yanawaka. Hizo ni za kawaida. Lakini kikitoka motoni kimeiva hadi weupe na kinatoa cheche chenyewe kama fataki, kabla hakijaguswa, basi kinaungua. Ncha hiyo ikipigwa itamomonyoka, dawa yake ni kuikata na kuitupa. Kwa hiyo mhunzi anayekaribia kuyeyusha chuma chake ni mhunzi aliyezubaa.

Nakubali, wenye kuchenjua chuma kutoka kwenye mawe walikuwepo pia: Wafipa walijenga tanuri ndefu za udongo, malungu, kwa kazi hiyo. Hata humo chuma kilitoka kama bonge lenye takataka, na bonge hilo likahitaji kufuliwa.

Aliyeandika maelezo ya ile video abadilishe neno moja tu. Picha zake ni nzuri.