MFI ikigonga 84, uliza kwanza ni siku gani imeibeba

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya chati na swali lile lile: "Mwalimu, MFI imepita 80, hela zimejaa humo ndani, niuze?" MFI ni Money Flow Index, kipimo cha chati kinachochanganya bei na wingi wa mauzo. Aliyeniuliza ni mama anayeweka akiba yake kwenye hisa kwa bidii, na kosa si lake. Amefundishwa hivyo. Karibu kila darasa la chati hapa Nairobi humwambia mwanafunzi kwamba MFI ni RSI, kile kipimo cha nguvu ya mwendo wa bei, iliyoongezewa idadi ya hisa, kisha mwalimu anafuta ubao na kuendelea. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi kiasi kwamba leo naijibu kwa urefu.

Undugu upo, sikatai. RSI ya Welles Wilder ilitoka 1978. Mwaka 1989 Gene Quong na Avrum Soudack wakaleta MFI, yenye umbo lile lile: kipimo cha 0 hadi 100, siku 14, mistari ya tahadhari juu na chini, ambayo kwa MFI ni 80 ya kuwaza kuuza na 20 ya kuwaza kununua. Hesabu yake ni fupi. Chukua bei ya juu, ya chini na ya kufunga, gawanya kwa tatu. Hiyo ndiyo bei ya kati ya siku. Izidishe kwa idadi ya hisa zilizouzwa. Bei ya kati ikiwa juu kuliko ya jana, jibu lote linaingia kapu la chanya. Ikiwa chini, kapu la hasi. Zikilingana, siku hiyo inatupwa. Mwisho:

MFI = 100 × chanya ÷ (chanya + hasi)

Sasa isome tena polepole. Bei imepanda kwa kiasi gani? Hesabu haiulizi. RSI hupima ukubwa wa mwendo: kupanda shilingi 2 kuna uzito mara 20 ya kupanda senti 10. Kwenye MFI, senti 5 na shilingi 5 zinafungua mlango ule ule, na uzito karibu wote unatoka kwenye wingi wa hisa. Kwa hiyo MFI haikuongeza kitu juu ya RSI. Iliondoa ukubwa wa mwendo wa bei, ikaweka wingi wa mauzo mahali pake. Hapo ndipo wasomaji wengi wa chati wanapopotea, na kwenye soko kama letu kupotea huko kunagharimu.

Tuchukue kaunta ya mfano. Hisa inauzwa karibu shilingi 20, na kila siku zinabadilishana mikono kama hisa 100,000, yaani shilingi milioni 2. Katika siku 13, bei imepanda mara 6 na kushuka mara 7, kila mara senti 10. Kapu la chanya lina milioni 12, la hasi milioni 14. Siku ya 14 mfuko mmoja wa pensheni unauzia mwekezaji mmoja wa nje hisa 3,000,000 kwa mkupuo. Bei waliikubaliana kwa simu, na bei ya kati ya siku inaishia senti 5 juu ya jana. Hiyo ni kama milioni 60. Chanya inakuwa 72, hasi inabaki 14, na MFI inaruka hadi 84. Chati inawaka.

Rudia siku hiyo hiyo, watu wale wale, hisa zile zile, ila bei ya kati imeishia senti 5 chini ya jana. Chanya ni 12, hasi 74. MFI ni 14. Na kama ingelingana na ya jana, siku yote ingetupwa na MFI ingesoma 46.

Senti 10 tu zimekutoa kwenye "uza haraka" hadi kwenye "nunua haraka". RSI ya kaunta hiyo, ukiihesabu kwa jumla ya kawaida ya siku 14 na bei ya kufunga ikienda sawa na bei ya kati, ingesoma 48 kwa hali ya kwanza na 44 kwa ya pili. Haikutikisika, kwa sababu bei yenyewe haikutikisika. Na zile "hela zilizoingia"? Kila hisa iliyonunuliwa ilikuwa na aliyeiuza. Mmoja alitoka na mwingine akaingia kwa kiasi kile kile.

Balaa la pili linakuja baadaye, na ndilo linaloniudhi zaidi. RSI ya Wilder husahau taratibu. Siku ya zamani hufifia kidogo kidogo. MFI inahesabu siku 14 kamili, na ya kumi na tano kurudi nyuma inakatwa yote kwa mara moja. Soko la kaunta yetu likiendelea na mwendo wake wa kawaida, 6 juu na 7 chini, MFI itakaa karibu na 84 hadi siku ule mkupuo unapotoka kwenye hesabu. Siku hiyo, hata bei ikipanda senti 10 na milioni 2 zikaingia chanya, MFI inaanguka kutoka 84 hadi 50. Kwenye makundi ya wawekezaji utaona mtu anaandika kwamba wakubwa wametoka. Hakuna aliyetoka. Kalenda ndiyo iliyosogea.

Kwa hiyo nikiona 84 sigusi kitu kabla ya kufungua orodha ya mauzo ya siku hizo 14. Naangalia siku kubwa kuliko zote imebeba sehemu gani ya jumla. Kwenye mfano wetu ni milioni 60 kati ya 86, karibu asilimia 70, na hapo MFI haizungumzii soko, inazungumzia dili moja. Kisha narudia hesabu nikiwa nimeifungia siku hiyo isizidi mara tatu ya siku ya kawaida: milioni 6. Chanya inakuwa 18, hasi 14, MFI 56. Kama namba ya juu inabaki juu hata baada ya kufungia hivyo, hapo naanza kuiheshimu. Mara tatu ni kipimo changu. Mwingine atatumia mbili au tano, na sina hoja ya kumshinda.

Jambo jingine kwa kaunta zinazolala: hesabu ni siku ngapi zimeingia kweli. Bei ikikaa pale pale siku 9 kati ya 14, MFI yako ina siku 5 tu. Na kama hakuna hata moja iliyoshuka, itasoma 100, namba inayotisha ilhali imetokana na mauzo ya kiganja.

Namba ya juu iliyosambaa vizuri, siku nyingi zikichangia, nayo haisemi uza. Kwenye kupanda kwa kweli MFI hukaa juu ya 80 kwa majuma, na anayeuza siku ya kwanza anaachwa stendi. Mimi husubiri irudi chini ya 80 huku bei nayo ikishindwa kufika kilele kipya. Mipaka ya 80 na 20 yenyewe naitilia shaka kwa kaunta ndogo. Kuna zinazopita 80 kila mwezi bila lolote kufuata, na hizo nazisomea historia yake mwenyewe badala ya mstari wa kitabuni.

Wa foreksi, neno moja: kwenye MetaTrader wingi unaohesabiwa ni idadi ya mara bei ilivyobadilika kwa dalali wako, si hela. Pia kuna MFI mbili humo. Hakikisha umefungua `Money Flow Index`, kwa sababu `Market Facilitation Index` ni hesabu nyingine kabisa na haina 80 wala 20.