"Msimame" si "msisimame": amri ya kukataza katika sentensi moja ya mwanafunzi

Juma lililopita nilisahihisha daftari la mwanafunzi wangu mmoja, mgeni anayeishi na familia ya Kiswahili, na nikakuta sentensi aliyotaka kuwaambia watoto wa nyumba hiyo: "Watoto, usimame karibu na jiko wala usiguseni sufuria." Nia yake ilikuwa kuwakataza wasiungue. Nilipomweleza kwamba watoto ni wengi, kwa hiyo kiambishi cha nafsi si u- bali m-, alifuta herufi moja na kuandika "msimame", akaniangalia akiwa na hakika kwamba amemaliza kazi. Hapo nikatambua kwamba kosa lake lilikuwa na kina zaidi ya umoja na wingi, kwa sababu sentensi yake bado ilikuwa inawaagiza watoto wasimame karibu na moto.

Chanzo cha kosa ni kitenzi chenyewe. Mwanafunzi amefundishwa kwamba amri ya kukataza huanza na usi- kwa mtu mmoja na msi- kwa watu wengi, naye akiona neno linaloanza na "msi" huamini kwamba ukanushi umo ndani yake. Lakini shina la kitenzi hiki ni simama, na silabi "si" iliyo mbele ni mali ya shina, haikanushi kitu chochote. Neno "msimame" limeundwa na m- ya nafsi na simame, yaani ni agizo la adabu la kuwataka watu wasimame. Ili kuwakataza tunahitaji "si" ya pili: m-si-simame, msisimame. Kwa mtu mmoja ni usisimame.

Nilimwomba aache simama kwa muda na atumie lala, kitenzi kisicho na silabi hiyo. Aliandika bila shida: mlale, kisha msilale. Nikamwambia afuate njia ileile, aanze na agizo la kukubali, ndipo apachike "si" baada ya kiambishi cha nafsi. Kutoka "msimame" akafika "msisimame" mwenyewe. Njia hii naipenda kuliko kukariri usi- na msi- kama vipande visivyogawanyika, kwa kuwa inamwonyesha mwanafunzi kwamba u- na m- zinabeba nafsi, na "si" peke yake ndiyo inayokataza.

Mtego huu haumo katika simama tu. "Usikilize" ni agizo la kusikiliza, na katazo lake ni "usisikilize". "Usite kuuliza" humtaka mtu asite, ilhali mwandishi karibu kila mara amekusudia "usisite kuuliza". Sisitiza, ambacho shina lake tayari lina "si" mbili, hutupatia "usisisitize", neno ambalo hata mimi hulihesabu kwa kidole ninapolisahihisha. Mkazo hauwezi kutusaidia, maana huangukia silabi ya pili kutoka mwisho katika maneno yote mawili, na anayesema haraka huweza kuimeza "si" moja bila kujua. Kipimo cha kuaminika ni kuondoa usi- au msi- kisha kutazama kilichobaki: msisimame huacha simame, ambayo ni simama, msimame huacha "mame", na Kiswahili hakina kitenzi "mama".

Sehemu ya pili ya sentensi yake, "usiguseni", ina kosa la namna nyingine. Kiishio -ni cha simameni na guseni huonyesha wingi kwa sababu amri hizo hazina kiambishi cha nafsi mbele. Katika katazo wingi umekwisha kuonyeshwa na m-, kwa hiyo tunasema "msiguse", nayo u- ya umoja haiwezi kukaa pamoja na -ni ya wingi katika neno moja. Irabu ya mwisho aliipata sawasawa: gusa hugeuka guse. Kanuni hiyo haigusi vitenzi visivyoishia na -a, na ndiyo maana tunasema msisahau na msijibu bila kubadilisha kitu mwishoni. Vitenzi vifupi navyo huacha ku- yao: kuleni, lakini msile, kunyweni, lakini msinywe.

Alitaka pia kujua kama "wala", iliyotangulia kitenzi cha pili, ingetosha kukataza ili aandike "wala mguse". Haitoshi. "Wala" huunganisha makatazo mawili, na kila kitenzi hubaki na "si" yake. Sentensi aliyoiandika upya ni hii: "Watoto, msisimame karibu na jiko wala msiguse sufuria." Kwa mtoto mmoja alibadilisha viambishi vyote viwili vya nafsi: "Mwanangu, usisimame karibu na jiko wala usiguse sufuria."